Umati wa Kondele Ndani ya Kinyozi: Jinsi ya Kuandika Onyesho la Akiba

Andika kwenye skripti yako "NJE. MZUNGUKO WA KONDELE – MCHANA" na hapo hapo umeshaitisha vitu ambavyo huna. Umetaka magari ya barabara ya Kakamega yasimame, makanga wanyamaze, mawingu yasubiri, na karao wa kituo cha hapo karibu asitoke nje kuuliza hawa vijana wenye kamera ni akina nani. Umeandika mstari mmoja tu. Kuupiga huo mstari kunaweza kula siku mbili na pesa yote ya filamu yako fupi.

Nalisema hili kwa sababu tangu Juni 2024, skripti nyingi za vijana ambazo watu hunipitishia zina onyesho moja linalofanana: maandamano, moshi wa tairi, mtu anamtafuta mwenzake katikati ya umati. Na ni haki yao kuliandika. Kondele imekuwa kwenye taarifa za habari 2007 na 2008, ikarudi 2017, ikarudi 2023, na 2024 tena. Ukikulia hapa unajua tofauti ya mlio wa kitoa machozi na mlio wa tairi la lori kupasuka, bila mtu kukufundisha. Hadithi ni yenu. Tatizo ni kwamba mnataka kuipigia mahali palepale ilipotokea, na mahali hapo hapajatulia.

Fikiria hivi. Unaleta vijana arobaini chini ya daraja la Kondele, unawapa mabango, unawaambia waimbe. Nani atamwambia mpita njia kwamba ni maigizo? Nani atamwambia karao? Watu wa boda watajiunga kabla hujasema "anza", na ukiwa umewavalisha wawili sare bandia za polisi, umejitafutia mjadala ambao huwezi kuushinda ukiwa umesimama barabarani. Tarehe 2 Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa, wakihusishwa na filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi nje ya Bunge. BBC ilisema hao wanne hawakuhusika na filamu hiyo. Sasa wewe uko na kamera ya kuazima. Ukichukuliwa hiyo kamera, mwenyewe utamwambia nini?

Kwa hivyo andika onyesho lako mara mbili. Moja la nje, moja la ndani, yote mawili yakiwa tayari kabla ya siku ya kwanza ya kupiga. Hilo la ndani ndilo naita onyesho la akiba. Wengi hulifikiria saa nane mchana, mvua ikiwa imeshaanza, mwelekezi akisema "basi tupigie tu pale kwa duka." Hapo ndipo filamu hufa, kwa sababu mazungumzo yaliyoandikiwa barabara yanatamkwa ndani ya duka, na mwigizaji anapiga kelele kama anashindana na honi ambazo hazipo.

Kabla sijaingia kwenye kazi yenyewe, tuondoe uongo mmoja unaozunguka mtaani: eti ukipiga ndani huhitaji leseni. Sheria ya Filamu na Maigizo ya Jukwaani, ile Sura ya 222, haijali kama uko chini ya jua au chini ya dari. Inasema filamu ya kuonyeshwa kwa umma au kuuzwa isitengenezwe Kenya bila leseni, na anayeisimamia leo ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Mwaka 2014 mtayarishaji mmoja wa Nairobi alikamatwa kwa kudaiwa kupiga filamu bila hiyo leseni. Unachokiepuka ukiingia ndani ni ile safu ya pili: ruhusa ya kaunti kutumia barabara, kufunga njia, mazungumzo na polisi wa eneo, na umati usioweza kuudhibiti. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Maombi ya leseni yanatakiwa yaende na maelezo ya maonyesho yote pamoja na maneno yatakayosemwa. Sasa kama umeandika maonyesho mawili, yapeleke yote mawili. Ukibadilisha hadithi katikati ya kazi, karatasi yako iwe tayari inaijua hadithi hiyo.

Haya. Onyesho la nje la mfano ni hili, nimelitunga liwe kama yale ninayoyaona kila wiki:

NJE. MZUNGUKO WA KONDELE – MCHANA
Moshi wa tairi. Umati unaimba chini ya daraja. ADHIS (19) anapenya katikati ya watu akimtafuta kaka yake, OTI (24). Anampata. Anamvuta mkono.
ADHIS: Twende nyumbani.
OTI: Nyumbani kuna nini?
Oti anatoa ufunguo wa pikipiki, anamwekea Adhis mkononi, anarudi kwenye umati. Adhis anabaki amesimama.

Si baya. Lakini chukua kalamu na ufute kila kitu ambacho ni mahali tu. Moshi, daraja, umati, yote futa. Kinabaki nini? Msichana anataka kaka yake arudi. Kaka anakataa. Ufunguo unahama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na ufunguo ni mkate wa nyumba hiyo, kwa hivyo anapoutoa anasema huenda nisirudi bila kulitamka. Huo ufunguo ndio onyesho. Mengine ni hali ya hewa.

Sasa uliza swali la pili, na hili ndilo watu huruka: barabara ilikuwa inamfanyia nini Adhis? Si kuuliza barabara ilionekanaje. Hapa ilikuwa inafanya vitu viwili. Inatisha, na inamvuta Oti. Kwa hivyo chumba utakachochagua lazima kiruhusu hofu iingie, na kiwe na mlango ambao Oti anautazama. Chumba cha kulala cha nyuma hakifai. Sebule ya ghorofa ya tatu haifai, kwa sababu kutoka huko maandamano yanakuwa kitu cha kutazama kutoka juu, kama runinga. Unahitaji chumba kinachogusana na barabara, cha watu kuingia na kutoka bila kualikwa. Kondele ina hivyo vingi: kinyozi, duka la simu, kibanda cha chapati, saiba, kituo cha dawa. Nimechagua kinyozi kwa sababu ya mlango wake wa chuma wenye pande mbili, ambao siku ya fujo hufungwa upande mmoja na mwingine ukaachwa wazi nusu. Kila mtu hapa ameshauona mlango huo ukiwa hivyo, na anajua maana yake.

NDANI. KINYOZI – MCHANA
Upande mmoja wa mlango umefungwa. BABA VICKY, mwenye kinyozi, amesimama na mashine mkononi. Mteja ametoroka, kitambaa bado kiko kwenye kiti. Nje vivuli vinapita mbio. ADHIS anafagia nywele. OTI anaingia amefumba macho, anapapasa ukuta. Adhis anaacha ufagio, anamshika kichwa, anamwosha macho kwa maji ya jagi.
BABA VICKY: Nafunga. Mnanisikia? Nafunga.
OTI: Wameshika Ochi.
ADHIS: Kaa chini.
OTI: Niachilie, Adhis.
Adhis anaenda mlangoni, anavuta upande wa pili. Sauti ya barabara inazama. Giza kidogo. Oti anautazama mlango. Anatoa ufunguo wa pikipiki, anauweka kwenye meza ya kioo, kati ya mashine na poda.
OTI: Mafuta iko nusu. Usiendeshe usiku.
Kimya. Adhis anaufungua mlango mwenyewe.

Ona kilichotokea. Kule nje Adhis alikuwa anavuta mkono na kushindwa, basi. Huku ndani amepata kitu ambacho barabara haikuwa nacho, yaani mlango. Anaweza kumfungia kaka yake. Anaanza kufanya hivyo. Halafu anaona ufunguo juu ya meza na anamfungulia kwa mkono wake. Uamuzi umehama kutoka kwa Oti ukaja kwake, na filamu sasa ni yake. Hilo halikutoka kwenye kipaji chochote. Lilitoka kwenye kuangalia vitu vilivyomo chumbani na kuuliza kila kimoja kinaweza kufanya kazi gani. Jagi lilikuwa la kunyolea. Ufagio ulikuwa hapo. Meza ya kioo ilikuwa hapo. Usilete kitu kipya kama cha zamani kinaweza kubeba.

Ona pia kwamba hakuna karao anayeonekana. Kama unamtaka, mpe buti mbili zinazopita kwenye ule upenyo chini ya mlango. Hutahitaji sare. Na Ochi ambaye "wameshika" hatumwoni kabisa, lakini mtazamaji atamjenga mwenyewe, bure.

Hii mbinu si ya maskini tu. Mwaka 2016 Mmisri Mohamed Diab alitoa filamu iitwayo Eshtebak, kuhusu ghasia za Kairo za 2013. Kamera yake haitoki ndani ya gari la polisi la kubebea watu, lile ambalo hapa tunaliita mariamu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ghasia zote unaziona kupitia vidirisha na mlango. Ilifungua kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka huo. Jafar Panahi wa Irani, aliyepigwa marufuku ya miaka 20 kutengeneza filamu mwaka 2010, alipiga filamu moja nyumbani kwake, na 2015 akatoa nyingine akiwa anaendesha teksi mjini Tehran, kamera zikiwa ndani ya gari. Lakini msidanganyike na Diab. Kamera yake ilikuwa ndani, ila nje ya vile vidirisha kulikuwa na umati wa kweli wa kulipwa. Hiyo ni bajeti nyingine. Wewe ukifungua dirisha kubwa linaloangalia barabara, umeirudisha barabara ile ile uliyoikimbia. Ndiyo maana mlango wangu umefungwa nusu.

Umati wako, kwa hivyo, utakuwa vitu viwili: vivuli na sauti.

Vivuli ni rahisi. Marafiki wanne wanapita mbio mbele ya ule upande wazi, wanazunguka nyuma ya jengo, wanabadilisha shati au wanavaa kofia, wanapita tena. Wakipita karibu na mlango mtazamaji haoni sura, anaona mwili umekatika sekunde moja. Wanne wakizunguka mara tano ni watu ishirini. Waambie wasipite kwa mpangilio, maana mtu akipita kila sekunde tatu inaonekana kama gwaride. Wawili pamoja, kisha hakuna mtu, kisha mmoja anayerudi alikotoka. Huyo anayerudi ndiye anayetisha.

Sauti inataka kazi zaidi na ndiyo itakayokuuzia onyesho. Usitumie sauti ya runinga wala kipande cha habari ulichopakua, hiyo ni mali ya mtu, na pia ina sauti ya mtangazaji. Kusanya watu kumi kwenye uwanja ulio kimya, tuseme uwanja wa shule Jumapili jioni. Warekodi wakiimba na kupiga kelele wakiwa hatua tano kutoka kwa maiki, kisha hatua ishirini, kisha wamekupa mgongo. Rudia mara nne au tano, kila mara wakibadilisha maneno na nafasi. Ukizipanga hizo rekodi moja juu ya nyingine kwenye uhariri unapata watu hamsini.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi huiharibu. Ukuta na mlango huzuia sauti nyembamba kuliko sauti nzito. Ndiyo maana disko ya jirani unasikia besi tu, maneno huyapati. Kwa hivyo umati ukiwa nje ya kinyozi, punguza sauti nyembamba kwenye programu yako ya uhariri mpaka maneno yasisikike vizuri. Mlango ukiwa wazi nusu, acha kiasi. Adhis akivuta upande wa pili, kata nyembamba zote ibaki ile ngurumo. Akiufungua tena, zirudishe ghafla. Mtazamaji hatajua umefanya nini, lakini atashtuka pale mlango unapofunguka, na ndicho ulichotaka. Kupunguza sauti yote kwa ujumla hakutoshi. Umati mdogo wenye maneno safi unasikika kama redio iliyowekwa chini, si kama watu walio nje.

Sasa mvua. Kuna mtu anasoma hapa akisema, basi nikiingia ndani mvua imekwisha kuwa shida. Ndugu yangu, umewahi kukaa chini ya mabati Kondele saa kumi jioni mwezi wa nne? Hata mtu wa kando yako humsikii. Chumba cha mabati bila dari ni kibaya kuliko kusimama nje na mwavuli, kwa sababu nje angalau mvua inaanguka kwenye udongo. Maiki ndogo ya kubandika kwenye nguo, karibu na kifua, inasaidia kiasi, haikuokoi. Kwa hivyo ukitafuta chumba cha akiba, angalia juu kwanza. Unataka duka la chini kwenye jengo la ghorofa, ambapo juu yako kuna zege na wapangaji wengine. Hayo yako mengi kandokando ya barabara kubwa. La pili kwa ubora ni chumba chenye dari la mbao au la jasi, lakini hilo lipime: nenda siku ya mvua, funga mlango, rekodi dakika moja ya mtu akiongea kwa sauti ya kawaida, usikilize kwa hedifoni nyumbani. Usipime kwa masikio yako ukiwa pale pale. Masikio yanazoea na kusamehe, maiki haisamehi.

"Si tuandike tu kwamba inanyesha?" Unaweza, lakini fikiria vizuri. Onyesho la dakika mbili linapigwa kwa saa nne au tano, kipande kwa kipande. Mvua ya Kisumu haikai saa tano bila kubadilika. Itakuwa kubwa Oti anapoongea na ndogo Adhis anapojibu, na ukiviunganisha vile vipande kila jibu litaruka. Njia salama ni kurekodi mazungumzo pakiwa pakavu, kisha uweke mvua yako mwenyewe wakati wa uhariri kama unaitaka. Mvua unaweza kuiongeza. Iliyoingia juu ya sauti ya mwigizaji huwezi kuitoa.

Na mvua ya huku ina ratiba, hata kama haijaandikwa popote. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka ziwani kuja huku kwetu, unakutana na upepo wa mashariki karibu na milima ya Nandi, na hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu yanaanza kujengeka baada ya saa sita, na mara nyingi yanapasuka alasiri au jioni. Machi hadi Mei ni zaidi, kisha Oktoba hadi Desemba. Hii maana yake asubuhi ni yako. Siku ya onyesho la kinyozi ningeipanga hivi: kuanzia saa mbili asubuhi piga vipande vyote ambavyo mlango unaonekana, yaani Oti akiingia, vivuli, Adhis akivuta na kufungua. Mwanga wa nje ukiwa bado haujabadilika, vitashikana. Vikiisha, geuza kamera iangalie ukuta wa kioo na kiti. Saa sita mpaka saa tisa piga sura za karibu na ule ufunguo mezani, ambapo mlango hauonekani na mwanga unatoka kwenye taa zako. Wingu likija saa nane, nje itaingia giza ndani ya dakika chache, lakini kwenye picha yako hakuna atakayejua.

Taa hizo ziwe za betri. Dhoruba ya huku mara nyingi huondoka na stima, na jenereta ya jirani ikianza kunguruma ndiyo mwisho wa sauti yako. Na angalia kile kioo kikubwa cha kinyozi. Kitamwonyesha mpiga kamera, maiki na binamu yako aliyekuja kutazama. Kigeuze kidogo kwa kuweka kipande cha karatasi ngumu nyuma ya upande mmoja. Pembe ndogo tu inatosha kuwatoa nyote kwenye picha.

Kabla ya hayo yote, pata karatasi kutoka kwa mwenye chumba. Hapa watu huanguka sana. Kinyozi akisema "sawa, kujeni Jumanne" huyo ni mpangaji. Mwenye jengo anaweza kutokea Jumanne hiyo saa nne akitaka kujua mnalipa nani. Mwandikie mpangaji barua ya ukurasa mmoja: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, mnalipa kiasi gani kufidia wateja wa siku hiyo, nani analipa stima, nani analipa kitu kikivunjika. Aweke sahihi, na mwenye jengo aweke pia. Majirani wa kushoto na kulia waambie siku moja kabla, hasa kama kuna spika ya duka la nyimbo, maana huyo hatazima kwa sababu yako bila kuombwa vizuri.

Siyo kila onyesho linakubali kuingia ndani, na usililazimishe. Jaribio langu ni lile lile la kufuta. Ukifuta mahali na hakuna kinachobaki, basi mahali ndiyo hadithi. Kama Adhis anamkimbiza Oti kutoka Kondele hadi Kibuye na hakuna anayesema neno, mbio zenyewe ndizo zinazotuambia anampenda kiasi gani, na ukiziweka kwenye korido unapata watu wawili wanaopumua kwa nguvu. Vivyo hivyo mtu aliye peke yake ndani ya mtumbwi huko Dunga. Ukubwa wa maji ndio unaomfanya awe mdogo. Chumba hakina ukubwa huo, hata ukikijaza sauti za mawimbi na ndege.

Onyesho la namna hiyo una njia mbili. Ya kwanza, likate, kisha uandike mtu akifika baada yake: Adhis anaingia jikoni, viatu vimejaa matope, hana pumzi, mama anamwangalia bila kuuliza. Ya pili, libaki nje, lakini lifupishe mpaka liwe kipande kimoja au viwili bila maneno, kwa watu wawili na kamera moja, upige alfajiri. Jua hapa linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu karibu mwaka mzima. Barabara ya Kondele saa hiyo tayari ina watu wa mboga na matatu za kwanza, lakini bado unaweza kusimama ukapumua, na mbingu huwa wazi. Maneno yote yaliyokuwa kwenye onyesho hilo yahamishie jikoni.